Siku, Safari, Shilingi: Vidokezo 8 vya Kuwapanga Wateja wa Duka Lako

Mwenye duka la jumla Korogwe mjini anaweza kuwahudumia kwa asubuhi moja mwenye kiduka kutoka Mashewa, mama ntilie wa stendi, mwalimu aliyepokea mshahara jana, na mkulima wa Sindeni aliyekuja kwa basi la Handeni. Wote wanastahili karibu ileile. Ila mfuko wa mwisho wa sukari, muda wako wa kupiga simu na punguzo la bei havitoshi kugawiwa wote, kwa hiyo lazima uchague. Wengi wetu huchagua kwa kumbukumbu, na kumbukumbu humpendelea mteja mwenye maneno mengi kuliko mteja mwenye faida.

Kuna njia rahisi ya kuchagua kwa hesabu. Wataalamu wa masoko huiita RFM. Wafanyabiashara wa Marekani waliokuwa wakiuza kwa katalogi za posta waliitumia tangu karne iliyopita, maana kila katalogi iligharimu uchapaji na stempu, na walitaka kujua nani hasa atumiwe. Hapa tutaiita Siku, Safari, Shilingi: mteja ana siku ngapi tangu aje, amekuja mara ngapi, na ameacha fedha kiasi gani. Daftari na kalamu vinatosha kuifanya.

1. Andika jina ambalo halina pacha

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ila daftari lenyewe nalo linaweza kupotosha. Ukiandika "Mama Asha, 45,000", na mtaani kwenu kuna akina Mama Asha watatu, umewachanganya wateja watatu wakawa mmoja mkubwa wa uongo. Kinyume chake, mwenye kiduka anayekuja mwenyewe leo, kesho akamtuma kijana wake, na keshokutwa akalipa kwa simu ya mkewe, ataonekana wateja watatu wadogo.

Dawa yake ni namba moja ya simu kwa kila mteja, hata akija mtu mwingine kwa niaba yake. Anayelipa kwa Lipa Namba tayari ameacha alama yake. Anayelipa taslimu umuulize. Kila mauzo yachukue mstari mmoja wenye mambo matatu: tarehe, namba, na kiasi kilicholipwa. Kusanya ya miezi 12 kamili. Ukikusanya ya miezi sita utakuwa umeona msimu mmoja tu, na kwa eneo la Handeni na Korogwe huo ni upofu wa nusu nzima, kama tutakavyoona kwenye kidokezo cha nne.

Na kwa kuwa unatunza namba za watu, ujue kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwambie mteja unaiandika namba kwa kazi gani, na usimpe mtu mwingine daftari hilo.

2. Toa hesabu tatu, na kila moja ina mtego wake

Siku ni idadi ya siku tangu mteja aliponunua mara ya mwisho hadi tarehe uliyochagua kufanya hesabu. Tarehe iwe moja kwa wateja wote. Ukianza hesabu Jumatatu ukamaliza Alhamisi bila kuifunga tarehe, wa mwisho kwenye orodha watakuwa wameonewa siku tatu.

Safari ni siku ngapi tofauti alizokuja kununua. Mama ntilie aliyechukua mchele asubuhi, akarudi mchana kwa chumvi aliyoisahau, amefanya safari moja. Ukihesabu risiti badala ya siku, wasahaulifu watakuwa wateja wako bora.

Shilingi ni fedha iliyoingia mkononi. Mzigo wa laki tatu uliochukuliwa kwa mkopo, ukalipwa laki moja, unahesabiwa laki moja. Deni likilipwa baadaye, rudi kwenye mstari uleule uongeze kiasi kilicholipwa, usifungue mstari mpya, la sivyo kulipa deni kutahesabika kama safari. Bidhaa zilizorudishwa zitolewe.

Kama mauzo yako yako kwenye kompyuta, jedwali la Excel lenye karatasi mbili linatosha. Karatasi ya `Mauzo` iwe na tarehe (safu A), simu (B) na kilicholipwa (C), mstari mmoja kwa kila safari. Karatasi ya `Wateja` iwe na simu kuanzia A2, na tarehe ya hesabu kwenye H1. Kisha hizi tatu, kwa mpangilio wa siku, safari na shilingi:

```
=$H$1-MAXIFS(Mauzo!A:A,Mauzo!B:B,A2)
=COUNTIFS(Mauzo!B:B,A2)
=SUMIFS(Mauzo!C:C,Mauzo!B:B,A2)
```

Ukiona mteja ana siku zaidi ya 45,000, usishtuke. Maana yake tarehe zake zimeandikwa kama maneno na kompyuta haizitambui kama tarehe, au namba yake haifanani kwenye karatasi hizo mbili: huku imeanza na 0, kule imeanza na 255.

3. Toa alama 1 hadi 3, achana na 5

Vitabu vingi vinafundisha alama 1 hadi 5 kwa kila kipimo. Tano mara tano mara tano ni makundi 125. Mwenye duka lenye wateja 120 wanaojulikana kwa majina atakuwa na makundi mengi kuliko watu. Alama 1 hadi 3 zinatoa makundi 27, na kwa vitendo utashughulika na matano au sita tu.

Kupata mipaka, wapange wateja kwa kipimo kimoja kuanzia aliye bora hadi wa mwisho, ukate orodha katika theluthi tatu. Theluthi ya juu ipate 3, ya kati 2, ya chini 1. Wanaolingana wapewe alama sawa, hata kama theluthi hazitakuwa na watu sawasawa. Jambo hili hutokea sana kwenye safari, maana karibu kila duka lina rundo la watu waliokuja mara moja tu. Baada ya hapo, isogeze mipaka kidogo ifike kwenye namba inayokumbukika.

Tuchukue mfano wa duka la jumla Korogwe, hesabu ikifanywa tarehe 30 Juni. Kwa wateja wake wa kila wiki mipaka imetoka hivi. Siku: 0 hadi 10 ni alama 3, 11 hadi 28 ni 2, zaidi ya hapo ni 1. Safari kwa mwaka: 30 na zaidi ni 3, 10 hadi 29 ni 2, chini ya hapo ni 1. Shilingi kwa mwaka: milioni 3 na zaidi ni 3, milioni 1 hadi chini ya 3 ni 2, chini ya milioni ni 1.

Sasa waweke wateja wanne kwenye vipimo hivyo:

- Mwenye kiduka wa Mashewa: siku 6, safari 44, shilingi 5,280,000. Alama 3-3-3.
- Mama ntilie wa stendi: siku 1, safari 150, shilingi 1,800,000. Alama 3-3-2.
- Mwenye kiduka wa Bungu: siku 41, safari 31, shilingi 4,340,000. Alama 1-3-3.
- Aliyenunua mzigo wa harusi: siku 12, safari 1, shilingi 340,000. Alama 2-1-1.

Usizijumlishe alama hizi. Wa Bungu ana jumla ya 7. Mteja wa 3-3-1, yule anayekuja karibu kila siku kwa sabuni na kiberiti, naye ana 7. Mmoja ni mteja mkubwa anayekuponyoka, mwingine ni mteja mdogo mwaminifu. Ukijumlisha, umeifuta tofauti uliyohangaika kuitafuta.

4. Mkulima usimpime kwa kalenda ya mwenye kiduka

Hapa ndipo wengi wanaoiga hesabu hii kutoka mijini wanapoharibu, na ndipo pa kusimama zaidi.

Mkulima wetu wa Sindeni ana siku 88 tangu aje, safari 5, shilingi 900,000. Kwa mipaka ya hapo juu anapata 1-1-1: mteja aliyekwisha, wa kufutwa. Lakini hesabu siku 88 kurudi nyuma kutoka 30 Juni, unafika tarehe 3 Aprili, masika ikiwa imeshika. Alikuja wakati wa palizi, akanunua alichohitaji, akarudi shambani. Tangu hapo amekuwa akisubiri mahindi yakauke. Mwezi Juni mfuko wake hauna kitu, na hakuna punguzo wala ujumbe wa simu utakaoujaza. Mahindi ya masika yakivunwa Julai na Agosti, atakuja.

Kwa hiyo kabla ya kutoa alama yoyote, wagawe wateja kwa namna fedha inavyowaingia. Kwa Handeni na Korogwe makundi matatu yanatosha:

- Wa kila wiki: wenye viduka, mama ntilie, wanaouza kwenye magulio.
- Wa mwezi: walimu, wauguzi, watumishi wengine, na wafanyakazi wa mashamba ya mkonge kama Ngombezi na Hale wanaolipwa mshahara.
- Wa msimu: wakulima, ambao fedha yao inafuata mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba na za masika za Machi hadi Mei.

Kila kundi lipewe mipaka yake. Kwa wa mwezi, siku 35 au pungufu ni alama 3, kwa sababu amekuja katika mzunguko wa mshahara uliopita. 36 hadi 65 ni 2, ameruka mshahara mmoja. Zaidi ya hapo ni 1. Kwa wakulima, acha siku uhesabu misimu. Aliyenunua katika msimu uliopita karibuni ana 3, aliyeruka mmoja ana 2, aliyeruka miwili ana 1. Safari nne kwa mwaka kwa mkulima ni nyingi, na laki saba ni fedha nzito. Kwa kipimo hicho mtu wetu wa Sindeni anatoka 1-1-1 anakuwa 3-3-3. Kilichobadilika ni kalenda tu.

Duka lililoko Chanika, pale Handeni mjini, huenda likawa na wateja wengi wa msimu na wachache wa mwezi, na la Korogwe mjini likawa kinyume chake. Ukiwa na duka kila upande, usichukue mipaka ya moja ukaibandika kwa jingine. Kata theluthi upya.

5. Simu ya kwanza impigie wa 1-3-3

Kama una saa moja tu ya kushughulikia orodha hii, itumie hapa. Huyu wa Bungu alizoea kuja, alikuwa akiacha wastani wa shilingi 140,000 kila safari, kisha akanyamaza siku 41. Kumrudisha mmoja kama huyu kunaweza kuzidi faida ya wateja wapya kadhaa wa soda na biskuti.

Kabla ya kupiga, fungua ukurasa wa madeni. Mdaiwa aliyebanwa hupitia barabara ya pili. Kama anadaiwa, tatizo lenu ni deni, na kumpa punguzo la bei hakutamrudisha. Mpangieni malipo madogomadogo, aruhusiwe kununua kwa taslimu huku analipa. Hapo utarudisha deni na mteja kwa pamoja.

Kama hadaiwi, angalia tarehe. Siku 41 nyuma ni 20 Mei, ndani ya masika, na Bungu iko milimani. Huenda gari halikupanda kwa sababu ya utelezi. Huenda pia kuna duka jipya la jumla lililo karibu naye zaidi, au mara ya mwisho alipewa mzigo pungufu akaona haya kusema. Alama zinakuonyesha kwamba amenyamaza, hazikuonyeshi kwa nini. Sababu utaipata kwa kuuliza, na uulize mwenyewe kwa sauti yako: "Habari za siku nyingi kaka, hatujakuona tangu mwezi wa tano, kuna jambo tumekosea?" Ujumbe wa maandishi uliotumwa kwa watu 120 hauwezi kuuliza hivyo.

6. Wa 3-3-3 mpe uhakika, usimpe punguzo

Kosa linalokula faida kimyakimya ni kuwazawadia wateja bora kwa kuwashushia bei. Wa Mashewa anakuja kila wiki kwa bei iliyopo. Ukimpunguzia shilingi 1,000 kila mfuko, hataanza kuja mara mbili kwa wiki. Umeitoa tu fedha ambayo ingeingia.

Anachokihitaji ni mzigo usimkosee. Sukari ilipoadimika nchini mwanzoni mwa 2024, bei ilikuwa tatizo, lakini kwa mwenye kiduka wa kijijini tatizo kubwa zaidi lilikuwa kufunga safari na kurudi mikono mitupu. Hapo ndipo orodha ya 3-3-3 inapofanya kazi: mzigo ukiingia kidogo, sehemu yao inatengwa kwanza na wanapigiwa simu kabla mzigo haujaisha. Ongeza na mambo yasiyo na gharama kubwa: wafungiwe mzigo mapema wasisubiri gari, waambiwe mapema bei inapotaka kupanda.

Wa alama za chini nao wasidharauliwe, ila wasigharimiwe. Wa harusi, 2-1-1, alinunua kwa shughuli. Mwandike tu, huenda ndugu zake nao wana shughuli. Mgeni wa wiki hii mwenye 3-1-1 ni tofauti: kwake lengo ni safari ya pili, basi akiondoka mwambie ni bidhaa gani utaingiza wiki ijayo. Na wa kweli wa 1-1-1, aliyepimwa kwa kalenda yake mwenyewe akabaki hapo, muache apumzike. Akirudi mwenyewe, karibu.

7. Ukiweza, badilisha Shilingi iwe faida

Mauzo makubwa yanapumbaza. Tuseme wa Mashewa hununua zaidi sukari na unga wa ngano, vitu vyenye faida nyembamba, na kwako vinaacha asilimia 3. Katika 5,280,000 zake umebaki na shilingi 158,400. Mama ntilie hununua viungo, mafuta ya kupimiwa na dagaa, vinavyoacha asilimia 10. Katika 1,800,000 zake umebaki na 180,000. Yule uliyempa alama 2 kwenye shilingi anakuingizia zaidi ya yule wa alama 3.

Huhitaji kujua faida ya kila pakiti. Gawa bidhaa zako katika mafungu matatu, la faida nyembamba, ya kati na nono, na uandike herufi moja kwenye kila mstari wa daftari. Makadirio hayo yanatosha kukuonyesha nani amepandishwa na wingi wa sukari tu.

8. Rudia kila robo mwaka, na uangalie waliohama

Hesabu ya mara moja ni picha tu. Faida yake kubwa iko katika kulinganisha. Weka alama za Machi kando ya za Juni, uzungushie duara kila aliyeshuka kwenye siku. Aliyetoka 3-3-3 akawa 2-3-3 ndiye habari kubwa ya robo hiyo, kwa sababu bado hajaondoka, na simu moja inaweza kumzuia asifike 1.

Utajuaje kwamba jitihada zako zinasaidia? Chukua walionyamaza, uwagawe nusu kwa nusu bila upendeleo, mathalani kwa namba za simu zinazoishia na tarakimu shufwa na witiri. Nusu wapigie, nusu usiwapigie kwa mwezi mmoja. Baadhi hurudi wenyewe bila kuitwa, hasa matope yakikauka, na ukiwapigia wote utajipongeza kwa kazi iliyofanywa na jua. Kama waliopigiwa hawakurudi zaidi ya wasiopigiwa, badilisha unachowaambia au unachowapa. Ukiwa na watu wanane tu, matokeo ya robo moja hayathibitishi kitu. Unganisha robo kadhaa kabla ya kuhukumu.

Hesabu hii haimwoni mteja asiyeandikwa, na haijui kwamba mtu amehama au amefiwa. Haya unayajua wewe uliyesimama kaunta. Basi anza leo na mstari mmoja: tarehe, namba ya simu, kiasi kilicholipwa. Kabla hujatoa alama yoyote, muulize kila mteja fedha yake huingia lini. Ukilijua hilo, hutamfuta mkulima wa Sindeni mwezi Juni, wala hutamwacha wa Bungu aondoke kimya.